Dereva wa Istanbul alimwacha shangazi uwanjani. Safari hii meseji ya Kituruki iandikwe vipi?

BintiMtoni
Wadau, salaam. Shangazi yangu ana duka la nguo Kariakoo na huwa anafuata mzigo Istanbul, Laleli na Merter. Februari tulimtafutia dereva wa kumpokea kupitia wakala mmoja. Tukaandika meseji kwa Kiswahili, ikatafsiriwa na simu kwenda Kituruki, wakala akairusha wasapu kwa dereva. Ndege ikatua salama asubuhi, shangazi anatoka nje hakuna mtu. Akakaa na masanduku mpaka adhuhuri, mwishowe akachukua teksi kwa bei ya kumchuna ngozi. Dereva naye katuma sauti: eti alikuja, alisubiri saa moja na nusu, hakumwona mtu, na anadai fidia ya mafuta!

Mimi kwangu huyo ni mhuni tu. Ila shangazi anaondoka tena Aprili na sitaki yajirudie. Meseji yenyewe hii hapa, kabla ya kutafsiriwa:

"Habari kaka. Shangazi anasafiri Jumatatu usiku saa tisa na Turkish kutoka Dar. Atafika saa nne na nusu. Ana mizigo mikubwa miwili na kibegi. Mpokee uwanja wa ndege umpeleke hotelini Laleli. Usichelewe."

Kuna kosa hapo?

Kidawa_wa_Ilala
Kosa ni hilo "usichelewe". Umemkaripia mtu mzima kabla hajawasha gari.

MzeeWaMerter
Dada, nimekaa mji ule muda mrefu na madereva wa kupokea abiria nawafahamu. Yule mtu asubuhi ana abiria watatu wanne kwenye simu yake. Hasomi habari ya safari, anatafuta namba ya ndege, tarehe na saa ya kutua, uwanja upi, na jina la kuandika kwenye kibao. Akishapata namba ya ndege anaiweka kwenye simu, inamwambia imeruka saa ngapi na inatua saa ngapi, hata ikichelewa anajua kabla yako. Katika hivyo meseji yako ina saa ya kufika tu. "Turkish kutoka Dar" si namba ya ndege. "Uwanja wa ndege" mjini mwenye viwanja viwili si uwanja.

Chogo_Tandika
Viwanja vitatu mzee. Kuna ile kubwa mpya, kuna Sabiha, na kuna Ataturk ambayo iko karibu kabisa na Laleli. Mimi nadhani dereva alienda Ataturk.

MzeeWaMerter
@Chogo_Tandika Ataturk iliacha ndege za abiria Aprili 2019, kila kitu kikahamia ile kubwa ya kaskazini. Hakuna dereva wa Istanbul anayekwenda kupokea mgeni Ataturk leo, labda awe amelala tangu mwaka huo. Wa kuchanganya ni hizo mbili nyingine: IST iko upande wa Ulaya, Sabiha Gökçen, ile SAW, iko upande wa Asia, ng'ambo ya Bosfori. Kutoka moja kwenda nyingine na foleni unaweza kumaliza asubuhi yote.

Mtu_wa_Sharjah
Hili la viwanja lilinikuta. Nilipitia Sharjah, tiketi imeandikwa SAW, mimi nikamwambia dereva "Istanbul airport". Kumbe Istanbul Airport ndilo jina rasmi la ile nyingine! Yeye kaenda kule, mimi niko huku, kila mmoja anatuma picha ya mlango alipo. Tangu hapo naandika zile herufi tatu za kwenye tiketi na sielezi chochote zaidi.

FundiSaa
Naona mnazunguka, kosa ni saa. Someni tena: "atafika saa nne na nusu". Kwetu hiyo ni 10:30. Simu haijui saa ya Kiswahili, inachukua namba ilivyo. Dereva kapata 04:30 alfajiri.

BintiMtoni
@FundiSaa hilo nililifikiria, ila niliandika pia kwamba anaondoka saa tisa usiku. Mtu mwenye akili si angepiga hesabu aone haikai sawa?

FundiSaa
Dada, hapo ndipo penye utamu, maana inakaa sawa kabisa! Piga hesabu ya kweli kwanza. Saa tisa usiku ni 03:00, akafika 10:30, hiyo ni safari ya saa saba na nusu. Sasa isome kama anavyosoma Mturuki: kaondoka Jumatatu usiku saa tisa, yaani 21:00. Kafika saa nne na nusu, 04:30. Hesabu tena: saa saba na nusu! Saa zote mbili zimerudi nyuma kwa sita, kwa hiyo muda wa safari haukubadilika. Dereva hata angekuwa na shaka akahakiki, angeona safari ya Dar kuja Istanbul kweli ni kama hiyo. Meseji ilikosea bila kuonyesha ufa popote.

Kidawa_wa_Ilala
Mh. Hii imenisimamisha chai.

Mwanaisha_Mombasa
Na hapo kuna siku pia. "Jumatatu usiku saa tisa" ni siku gani? Kwa tiketi hiyo ni Jumanne, saa tisa usiku imeshavuka saa sita. Shangazi alienda uwanjani Jumatatu usiku ndio, lakini ndege ni ya Jumanne.

FundiSaa
@Mwanaisha_Mombasa ndiyo, na ajabu ni kwamba makosa mawili yamekutana. Ukisema 21:00 Jumatatu, anatua 04:30 Jumanne. Siku ikatoka sahihi kwa bahati, saa ikatoka mbovu. Kwa hiyo dereva alifika Jumanne saa kumi na nusu alfajiri, akasubiri saa moja na nusu mpaka kumi na mbili kamili, akaenda zake. Shangazi wakati huo yuko angani bado anasubiri kifungua kinywa. Dereva hakudanganya hata neno moja.

BintiMtoni
Tumpe na zawadi basi?

Chogo_Tandika
Fundi umesahau tofauti ya saa. Istanbul iko nyuma yetu saa moja wakati wa baridi. Februari ni baridi. Kwa hiyo hesabu yako yote inasogea.

MzeeWaMerter
@Chogo_Tandika zamani ndiyo. Waturuki walikuwa wakibadili saa majira ya baridi na kiangazi, lakini tangu 2016 wameacha, wamebaki saa ile ile mwaka mzima, na ni sawasawa na ya kwetu. Kumi na nusu ya Dar ni kumi na nusu ya Istanbul, Februari na Agosti. Wewe leo unafukua makaburi, Ataturk na saa za baridi.

Chogo_Tandika
Basi nanyamaza. Nilienda 2014.

Mzee_Shangani
Vijana, habari ya siku ni nzito kuliko mnavyodhani. Sisi watu wa pwani siku huanza magharibi. Bibi yangu akisema "usiku wa Ijumaa" ni ule unaotangulia Ijumaa, yaani jua la Alhamisi likishazama. Kijana wa sasa akisema usiku wa Ijumaa ni Ijumaa yenyewe baada ya isha. Kwa safari ya ndege mtu aseme "usiku wa kuamkia Jumanne", hapo hapana mjadala.

MzeeWaMerter
@Mzee_Shangani shikamoo. Na Waturuki wanayo hiyo hiyo! Husema usiku "unaofunga Jumatatu kwenye Jumanne". Dereva ukimwandikia hivyo anakuelewa bila swali. Linafaa kwa ndege zinazotua saa sita na kitu usiku, maana huko ndiko madereva hukosea tarehe na kuja kesho yake. Ila kwa shangazi wa BintiMtoni halihitajiki, yeye anatua mchana. Dereva hana haja kabisa na saa ya kuondoka Dar, iondoeni. Saa mbili kwenye meseji moja ni kumpa nafasi ya kushika isiyo yake.

Dogo_Transit
Mimi sikubali kwamba kosa ni saa. Dereva akifika 04:30 anaangalia ubao wa ndege zinazotua. Hamna ndege ya Dar, haulizi? Ana namba ya wakala. Huyo hakwenda kabisa, katunga sauti kudai hela.

BintiMtoni
@Dogo_Transit asante! Ndicho ninachosema.

FundiSaa
Sauti ilitumwa saa ngapi?

BintiMtoni
Wakala alinirushia Jumanne saa saba mchana. Lakini ilikuwa ya kurushwa, yeye aliipokea saa ngapi hakusema. Kuna picha pia, nguzo na mlango wa kahawa kwa pembeni, hakuna saa.

Mtu_wa_Sharjah
Hapo kwenye picha pameandikwa "Dış Hatlar" au "İç Hatlar"? Ya kwanza ni safari za nje, ya pili za ndani. Kuna dereva anasikia Turkish anaenda upande wa ndani, kazoea abiria wanaotoka Antalya.

BintiMtoni
Hakuna maandishi, ni nguzo tu na mgongo wa mtu.

MzeeWaMerter
Hata akiwa upande wa nje bado wanaweza kupishana. Ukumbi wa kutokea IST ni mrefu na milango ina namba, na msongamano wa watu wenye vibao ni mkubwa. Mgeni akitoka mlango mmoja na dereva yuko milango kadhaa mbele, hawaonani mpaka wapigiane. Na shangazi alikuwa na mtandao?

BintiMtoni
Hakuwa nao. Laini yake ya bongo haikushika, waifai ya uwanja ilimtaka apokee namba ya siri kwenye hiyo hiyo laini.

Nuru_Ankara
Mimi ni mwanafunzi huku. Waifai ya IST unaweza kuipata bila laini, kuna mashine ukumbini unapitisha pasi yako inakupa namba ya kuingilia. Mwonyesheni shangazi kabla. Na muombeni dereva namba ya gari mapema. Za Istanbul zote zinaanza na 34, hivyo hizo mbili hazisaidii, zinazotofautisha ni herufi na tarakimu zinazofuata.

Kidawa_wa_Ilala
Samahani nauliza pembeni. Shangazi anaenda kununua mzigo, mbona anakwenda na mizigo mikubwa miwili? Si angeenda na mkoba tu arudi amejaza?

BintiMtoni
Binamu yangu anasoma huko. Moja ni mchele wa Kyela na unga. Usicheke.

Kidawa_wa_Ilala
Sicheki. Ila Waturuki nao wana pilau yao, mwambie binamu azoee.

Nuru_Ankara
Usimsikilize, mchele wa Kyela uje! Nipe namba ya binamu.

MzeeWaMerter
Kidawa kauliza pembeni lakini kagusa jambo. "Mizigo mikubwa miwili" ni balaa kwa dereva. Simu inaweza kuigeuza kuwa shehena, dereva akadhani ni marobota ya nguo, akataka bei ya gari la mizigo. Au inaandika "bagaj". Kwa Mturuki hilo ni begi la msafiri na pia ni buti ya gari. Ukimwandikia "bagaj kubwa" anaweza kuelewa mteja anataka gari lenye buti kubwa, siyo kwamba ana masanduku makubwa. Andika "valiz", hapo ni sanduku la safari na si kingine, na taja ukubwa.

Dereva_Ubungo
Hapo kwenye buti nasema kama mtu wa kazi. Sanduku la kilo 23 uzito si tatizo, tatizo ni umbo. Buti ya saluni inachukua makubwa mawili yakilala, la tatu linakaa kiti cha mbele. Sasa sijui huko wanatumia gari gani.

MzeeWaMerter
@Dereva_Ubungo saluni nyingi tu, na teksi nyingi zinatumia gesi. Mtungi wa gesi umewekwa buti au chini ya sakafu yake. Ukiwa umekaa butini, nafasi inapungua hata sanduku la pili linagoma. Ndiyo maana dereva akiona "valiz 2 kubwa" anajua mapema alete gari gani. Kwenda, shangazi atatosha kwenye saluni. Kurudi uwanjani na mzigo wa Laleli ni mkataba mwingine, aagize gari la aina ya Vito, asije akakuta dereva yule yule na gari lile lile.

Wakili_wa_Mtaa
Nyote mnamtetea dereva. Nani alimlipa wakala? Wakala ndiye aliyepaswa kuhakikisha. Alipokea meseji ya Kiswahili, yeye anajua Kiswahili, anajua saa nne na nusu ni nini. Kwa nini hakuangalia tafsiri? Angetazama tarakimu tu, hata kama Kituruki hajui.

BintiMtoni
Wakala anasema kazi yake ilikuwa "kuunganisha".

Wakili_wa_Mtaa
Kuunganisha ni kazi ya fundi bomba.

Mwanaisha_Mombasa
Mimi nina dada yangu Istanbul, yeye hutafsiri hivi: akishapata Kituruki anakirudisha kwa Kiswahili kwa simu nyingine aone kama kimerudi kama kilivyokwenda.

FundiSaa
@Mwanaisha_Mombasa kwa saa hiyo njia inakudanganya. "Saa nne na nusu" inakwenda 04:30, ikirudi inakuja "saa nne na nusu". Utafurahi, kumbe kosa limekwenda na kurudi. Dawa ni kuandika tarakimu za saa 24 tangu mwanzo, kama zilivyo kwenye tiketi. 10:30 haina Kiswahili wala Kituruki.

Mwanaisha_Mombasa
Haki! Sikuwa nimeona hiyo.

MzeeWaMerter
Haya dada BintiMtoni, weka za Aprili hapa nikuandikie. Namba ya ndege usiiweke hadharani, jaza mwenyewe.

BintiMtoni
Anatua Jumanne tarehe 14 Aprili, tiketi inasema 10:35, IST. Masanduku mawili makubwa na mkoba wa mkononi. Hoteli iko Laleli. Jina la pasi ni refu, sisi tunamwita Mama Zuwena.

MzeeWaMerter
Hii hapa. Bandika ilivyo, usiipitishe tena kwenye simu.

```
Merhaba abi, havalimanı karşılama:
İstanbul Havalimanı (IST), Dış Hatlar geliş
Uçuş: TK ____ (Darüsselam'dan)
İniş: 14 Nisan Salı, saat 10:35
1 yolcu (bayan), 2 büyük valiz, 1 el çantası
Adres: Laleli, ____ Oteli
Tabela: MAMA ZUWENA
Toplam fiyat, otopark dahil: ____
Araç plakası ve telefonunuz?
```

"Abi" ni kaka mkubwa, ndivyo watu wanavyomwita dereva, kwa hiyo "habari kaka" yako ilikuwa sawa. Darüsselam ni Dar yetu kwa Kituruki. "İniş" ni kutua. Usiandike saa unayokadiria atatoka nje, kwani dereva anahesabu kuanzia ndege inapogusa chini na mwenyewe anajua pasi na mabegi huchukua saa nzima au zaidi. Muulize tu kusubiri bure ni muda gani. Wengi hutoa saa moja toka kutua, na ikipita hiyo anaanza kuhesabu.

Dogo_Transit
Kibao kisiandikwe jina la pasi?

MzeeWaMerter
Kibao ni cha msafiri kusoma, si cha uhamiaji. Mama Zuwena akiona MAMA ZUWENA atageuka. Akiona jina la babu yake wa tatu atapita.

Mzee_Shangani
Na kama macho yake si mazuri, waandike herufi kubwa.

Wakili_wa_Mtaa
Bei iandikwe lira au yuro? Maana hapo ndipo watu wanapigwa.

Nuru_Ankara
Wanaopokea wageni wengi wanataja yuro, na ukilipa lira wanapiga kwa kiwango chao. Taja sarafu kwenye meseji na lipa hiyo hiyo. Halafu aulize kama ni bei ya gari au ya kichwa. Shangazi ni mmoja sawa, ila binamu akienda kumpokea wakarudi wawili, kuna dereva atakwambia ni mara mbili.

MzeeWaMerter
Bei ya kichwa ni ya mabasi dada, gari la mtu binafsi ni bei ya gari.

Nuru_Ankara
Mzee mimi nimeshadaiwa ya kichwa, tena mwaka jana.

MzeeWaMerter
Basi ulipata tapeli.

BintiMtoni
Aah! Kumbe matapeli wapo!

FundiSaa
Wapo, ila wa Februari kwangu bado ni msafi. Alfajiri ya Februari Istanbul ni baridi kali, mtu kaacha kitanda.

Dogo_Transit
Hakuna aliyethibitisha kwamba aliacha kitanda. Nguzo na mgongo wa mtu, basi.

BintiMtoni
Nimetuma meseji ya Mzee kwa dereva mwingine, mimi mwenyewe moja kwa moja, wakala nimemweka kando. Amejibu ndani ya dakika: "Tamam abla", halafu namba ya gari, halafu kaandika "TK?" Nilisahau kujaza namba ya ndege.

Kidawa_wa_Ilala
Huyu ndiye dereva sasa.

Dereva_Ubungo
Na yule anayedai fidia ya mafuta mnamlipa au vipi? Kwa sisi wa kazi hilo ndilo swali, nyie mmerukia vibao.

Wakili_wa_Mtaa
Alipe wakala.

FundiSaa
Nusu wakala, nusu aliyetafsiri.

BintiMtoni
Simu ndiyo iliyotafsiri.

Dereva_Ubungo
Basi uzeni simu.